Kumbukumbu ya mradi wangu: vijiti, wastani ulionidanganya, na namba ya kati

Jumamosi usiku

Bado napanda ngazi ya maswali ya CSES, tovuti ya mazoezi ya kuandika programu, na leo nimefika kwenye lile liitwalo Stick Lengths. Una vijiti n, kila kimoja na urefu wake. Unaruhusiwa kukirefusha au kukifupisha kijiti chochote, na kila hatua ya 1 inagharimu 1. Unataka vyote vilingane urefu kwa gharama ndogo kabisa. Mfano wao ni vijiti vitano, 2 3 1 5 2, na jibu ni 5.

Sikufikiri hata dakika mbili. Kulinganisha vitu ni wastani, nikajiambia. Nikajumlisha nikapata 13, nikagawa kwa 5, nikakata desimali, nikapata 2. Gharama ya kuvifikisha vyote 2 ni 0 + 1 + 1 + 3 + 0, yaani 5. Imekubali! Nikatuma huku nimeshaanza kusoma swali linalofuata.

WRONG ANSWER. Tena siyo kwenye jaribio moja.

Jumapili

Asubuhi nilipoteza saa nzima nikitafuta kosa kwenye kusoma data, kwa sababu mfano ulikuwa umekubali na sikuwa na sababu ya kushuku wastani wenyewe. Mwisho nikajaribu kukadiria badala ya kukata. Wastani halisi ni 2.6, kwa hiyo lengo likawa 3, na gharama ikapanda hadi 6. Hapo ndipo nilipoona nilivyodanganyika. Kukata desimali kulinishusha hadi 2 kwa bahati, na 2 ndiyo ilikuwa lengo sahihi kwa sababu nyingine kabisa.

Nikatunga mfano wangu wa kuuumbua wastani: 1 1 1 1 16. Jumla 20, wastani 4 kamili, hakuna desimali ya kusingizia. Gharama ya kuvifikisha vyote 4 ni 3 mara nne, ongeza 12, yaani 24. Nikiviacha vinne vilipo na kukishusha kile kirefu hadi 1, gharama ni 15.

Dada yangu alikuwa anapita, nikamwonyesha karatasi. Akacheka: "Mdogo wangu, watu wanne wanakaa nyumba namba 1, mmoja anakaa namba 16, halafu kikao unakiita namba 4? Wote watembee kwa ajili ya huyo mmoja?"

Maneno hayo ya kikao yakanifungua macho kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma. Fikiria umesimama nyumba namba 4, kisha unasogea hatua moja kushoto. Wale wanne walioko kushoto wanapunguziwa hatua moja kila mmoja, na yule wa kulia anaongezewa moja. Unaokoa 4, unapoteza 1, faida ni 3. Rudia mara tatu mpaka ufike namba 1, umeokoa 9, na 24 ukitoa 9 ni 15. Hesabu imekubali bila kubaki kitu.

Kumbe kinachoamua usogee upande gani siyo umbali wa watu, ni idadi yao. Maadamu upande mmoja una watu wengi kuliko upande wa pili, kusogea kuelekea huko kunalipa. Unasimama pale ambapo hakuna upande unaokuzidi nguvu, na hapo ni namba ya kati ukishapanga orodha kutoka ndogo hadi kubwa. Hiyo ndiyo mediani. Wastani unasikiliza umbali, ndiyo maana 16 moja iliuvuta mpaka 4. Wastani ungekuwa sahihi kama gharama ingekuwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, lakini hapa kila hatua ina bei ileile.

Jumatatu, baada ya kazi

Leo nimepata njia nyingine ya kuliona jambo hili, na naipenda zaidi kwa sababu inatoa programu moja kwa moja. Panga vijiti: 1 2 2 3 5. Chukua cha kwanza na cha mwisho, 1 na 5. Lengo lolote lililo kati yao litawagharimu hawa wawili jumla ya 4, si zaidi wala pungufu, maana kila unachomwongezea mmoja unampunguzia mwenzake. Lengo likitoka nje ya hapo, jumla yao inazidi 4. Waweke pembeni, uchukue jozi ya ndani: 2 na 3, gharama 1. Anabaki 2 peke yake, naye hagharimu kitu ukisimama kwake. Jumla 4 + 1 = 5.

Namba ya kati iko ndani ya jozi zote kwa mpigo, na ndiyo sababu inashinda. Tena huhitaji hata kuitaja:

```python
n = int(input())
p = sorted(map(int, input().split()))
jibu = 0
i, j = 0, n - 1
while i < j:
    jibu += p[j] - p[i]
    i += 1
    j -= 1
print(jibu)
```

Nimetuma. Majaribio yote yamepita.

Jumanne

Nilitaka kujua idadi ya vijiti ikiwa shufwa inakuwaje. Nikachukua 1 10 2 9, ukizipanga ni 1 2 9 10. Jozi zinatoa 9 na 7, jumla 16. Hapa lengo lolote kuanzia 2 hadi 9 linatoa 16 hiyohiyo, nimelijaribu moja moja. Nilipotumia `statistics.median` ya Python, ilinipa 5.5 kama tulivyofundishwa shuleni, na programu ikachapisha `16.0`. Kiasi ni sahihi, ila kwa hatua za 1 huwezi kukifikisha kijiti 5.5, na nukta hiyo inaweza kukuponza kwenye ukaguzi. Chukua mojawapo ya zile mbili za kati, `p[n//2]` inatosha.

Kisha nikaandika upya kwa C++ na kujitengenezea data kubwa: vijiti 200000, nusu vya urefu 1, nusu vya 1000000000. Jibu likatoka la ajabu, halifanani na chochote. Jozi ni 100000, kila moja inagharimu 999999999, jumla ni karibu 10^14, wakati `int` ya kawaida inaishia 2147483647. Nikabadilisha kijumlishi kuwa `long long`, kikatulia. Python haina shida hii, ndiyo maana jana sikuiona.

Nilijaribu pia `nth_element` ya C++, inayotafuta namba ya kati bila kupanga orodha yote, wazo linalotokana na kazi ya Tony Hoare ya 1961. Inafanya kazi, lakini kwa vijiti 200000 kupanga kwa kawaida kunatosha kabisa.

Alhamisi

Swali nililojitungia: je, kama kila kijiti kina bei yake ya hatua? Vijiti 1, 2, 10 na bei 1, 1, 5. Ya kati ni 2, na gharama yake ni 1 + 0 + 40 = 41. Nikarudi kwenye kikao cha dada, ila safari hii nikahesabu bei badala ya vichwa. Ukisogea kulia kutoka 2, kushoto kuna bei 2 na kulia 5, faida ni 3 kila hatua. Hatua 8, umeokoa 24, unafika 10 kwa gharama 17. Kwa hiyo unajumlisha bei kuanzia kushoto, 1, kisha 2, kisha 7, na kusimama pale jumla inapofika nusu ya bei zote, yaani 3.5. Jozi zangu za mwanzo na mwisho hapa hazifai tena kama zilivyo, kwa hiyo wikiendi hii naandika programu hii upya.