Kitambulisho cha NIDA kilipotea Mwaloni

Nilikipoteza soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikibishania bei ya dagaa. Safari ya kwanza ofisi ya NIDA nilikwenda mikono mitupu, nikarudi vilevile. Kumbe unaanzia polisi, kuchukua taarifa ya upotevu.

Hapo soma kabla hujaondoka. Yangu iliandikwa “Mariam”, kumbe kwenye kitambulisho ni “Mariamu”, ikabidi irekebishwe. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mimi wa 14 Machi 1988 huanza 19880314, kwa hiyo kosa la hapo nalikamata mwenyewe.

Nikarudi na taarifa hiyo, kivuli cha kitambulisho (bahati nilikitunza) na cheti cha kuzaliwa. Wakapokea.