Nimetolewa na mkate wa kumimina

Jamani Jumamosi nilikua kwenye shindano la mapishi hapa Mbeya, narudi nikicheka ila imeniuma. Raundi ya kwanza kila mtu anapika pishi lake, mi nikaweka wali wa Kyela na mbasa wa nazi, majaji wakasifia hadi nikavimba kichwa.

Raundi ya pili ndo balaa. Wote mnapewa pishi moja, maelekezo nusu nusu, mkate wa kumimina: mchele umesharowekwa, tui, hamira, sukari, iliki, halafu imeandikwa tu "acha uumuke, pika". Uumuke kwa muda gani na hii baridi ya Julai? Mi nikaacha bakuli mezani dakika 40 unga umelala tu hauna hata povu, dada wa meza ya jirani bakuli lake kaliweka ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu likaumuka fasta. Sahani zinaenda kwa namba, majaji hawajui ni ya nani, so ule wali wangu haukunisaidia kitu. Mkate wangu ulikatwa ukaonekana umeshikana kama ugali, hauna vitundu.

Watatu tulioshika mkia tukarudi jikoni, mkate uleule, saa moja na nusu. Safari hii nikaumua vizuri ila nikaogopa muda nikajaza moto chini, juu makaa mawili matatu, basi chini umeungua katikati uji. Mwenzangu wake ulipasuka juu vibaya lakini umeiva, kabaki yeye. Jaji kasema mbaya wa sura unalika, mbichi haulikiki.