Fulana iliyosomwa na mama na mtoto

Kaulimbiu yetu ya kwanza ilikuwa "Dunga uwake". Mimi na binamu yangu tulikuwa tumeanza kuchapa fulana za vijana katika chumba cha uani Majengo, Mombasa, na maneno hayo yalitujia bila kusumbuka. Kwa kijana wa mtaani kudunga nguo ni kuivaa, na kuwaka tulikusudia kung'aa. Tulichapa fulana 40, tukaenda kuzitandaza karibu na Barabara ya Biashara wiki mbili kabla ya Idi, wakati wazazi wanatoka na watoto wao kununua nguo.

Vijana walizishika. Wazazi walizitoa mikononi mwao. Mama mmoja aliisoma kwa sauti, kisha akanitazama kwa huzuni: "Mwanangu, mwawaambia watoto wadungane?" Nilimweleza. Akasema, "Wewe wanieleza mimi. Polisi atakayemsimamisha mwanangu usiku ataelezwa na nani?" Sikuwa na jibu. Katika mji ambao visa vya vijana wenye visu na mapanga vimewatia watu hofu, nilikuwa nimeandika neno la kuchoma kifuani mwa mtoto wa mtu. Na "uwake" haikusaidia: mtu mzima alisoma moto, na vijana wenyewe wakanikumbusha kwamba kuwaka pia ni kulewa.

Usiku ule nilielewa jambo ambalo hadi leo ndilo ninaloangalia kwanza. Neno la mtaani lililochukuliwa kutoka Kiswahili cha kawaida na kugeuzwa maana ndilo la hatari zaidi, kwa sababu mtu mzima haoni kwamba kuna kitu asichokijua. Analisoma, analielewa kwa maana yake ya zamani, anaondoka. Neno geni kabisa lina nafuu, angalau atauliza. Tulijaribu "Luku kali", luku ikiwa ni mavazi na mtindo wa mtu. Wazee waliuliza, lakini jamaa zetu wa Tanga walicheka, maana kwao LUKU ni umeme wa kulipia kabla. Neno likihitaji maelezo kila mara, muuzaji atachoka kabla ya adhuhuri.

Basi tukatafuta aina ya tatu: neno la vijana lililorefushwa kutoka shina ambalo mama analijua. Tukafika kwenye "kutokelezea", yaani kuvaa ukapendeza hadi watu wakageuka. Ndani yake mna kutoka, kutokea, kutokeza. Hata asiyewahi kulisikia anakisia upande ulio sawa. Tukaliweka nyuma ya kitenzi cha kawaida kinachomwongoza msomaji, likawa "Vaa utokelezee".

Kabla ya kuchapa nilizunguka na maneno hayo kwenye karatasi, Kibokoni, Kongowea, na kivukoni Likoni. Sikueleza chochote. Nilimwomba mtu asome kwa sauti, kisha aniambie kinasema nini, kisha kama angemnunulia mwanawe. Swali la kwanza lilinifunza kuliko nilivyotarajia. Mtu akikwama katikati ya neno, kosa liko kwenye herufi, si kwenye maana. Binamu yangu alitaka tuondoe irabu, tuandike "UTKLZ", kama vijana wanavyoandikiana kwenye simu. Lakini Kiswahili husomwa silabi kwa silabi, na ukitoa irabu umeondoa silabi zenyewe. Hakuna aliyezidi miaka 40 aliyeweza kuisoma. Tulipolikata neno mistari miwili, "UTOKEL" juu na "EZEE" chini, walikwama pia, wengine wakasoma "ezee" wakafikiri ni habari za kuzeeka! "UTOKE" juu na "LEZEE" chini likapita, kwa sababu mkato uliangukia mwisho wa silabi.

Shangazi yangu, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi, ndiye aliyegundua kwamba kwenye fremu ya kwanza ya kuchapia e ya mwisho imepotea. Tulitengeneza fremu upya, ikatuchelewesha siku mbili.

Shangazi huyo huyo alinitolea leso zake. Akanionyesha jina la leso linavyokaa upande wa chini, herufi kubwa wazi, na fumbo ambalo jirani anayehusika hulielewa zaidi ya wengine. Kila anayepita husoma maneno, lakini ujumbe una mwenyewe. Nilichotaka kwenye fulana ni hicho hicho.

Vijana wachache walisema imepoa mno, na wana haki. Neno ambalo mama analielewa limeshapungua ukali kidogo. Ndiyo maana tunachapa fulana 30 kwa mara moja, tukisubiri kusikia kama bado linasemwa barazani. Zile 40 za kwanza tulizifunika kifuani kwa mraba mweusi wa rangi nzito, tukachapa maneno mapya juu yake kwa nyeupe. Ukizipeleka juani, "Dunga" bado inaonekana kwa mbali, kwa hiyo hizo hatuziuzi. Tunavaa wenyewe tukichapa.