Kupima umbali wa Kigoma hadi Dar es Salaam kwa latitudo na longitudo: uzoefu wangu

Ukiuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani kutoka hapa Kigoma, wengi watakutajia urefu wa reli, kama kilomita 1,250. Huo ni umbali wa njia inayopinda kupitia Tabora na Dodoma. Nilichotaka mimi ni umbali wa moja kwa moja juu ya mgongo wa dunia, yaani kwenye duara kuu, na kanuni ya kosaini ya tufe inautoa kwa mstari mmoja:

```
cos c = sin A × sin B + cos A × cos B × cos D
```

A na B ni latitudo za miji miwili, D ni tofauti ya longitudo zao, na c ni pembe iliyopo katikati ya dunia kati ya miji hiyo. Ukishaipata c, umbali unafuata wenyewe.

Kigoma ipo 4°53′ kusini, 29°38′ mashariki. Dar es Salaam ipo 6°49′ kusini, 39°17′ mashariki. Kabla ya kugusa kikokotoo, badili dakika ziwe desimali kwa kuzigawa kwa 60. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: 6°49′ si 6.49, ni 6.82. Kigoma inakuwa 4.88, na tofauti ya longitudo, 9°39′, inakuwa 9.65. Latitudo za kusini huandikwa na alama ya kutoa, kwa hiyo A = −4.88 na B = −6.82.

sin A × sin B inatoa 0.010102. Alama mbili za kutoa zimezidishana, jibu limekuwa chanya. cos A × cos B × cos D inatoa 0.975326. Jumla ni 0.985428, na pembe yenye kosaini hiyo ni nyuzi 9.793. Kila uzi mmoja wa duara kuu ni kilomita 111.2, ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371. Umbali ni kilomita 1,089. Ukitumia 6,400, kama mazoezi mengi ya shuleni yanavyotaka, utapata 1,094. Tofauti hiyo isikusumbue, maana dunia yenyewe si tufe kamili na kanuni hii inaweza kukosea kwa karibu nusu asilimia.

Kuzidisha nyuzi 9.793 moja kwa moja kwa 6,371 ni kosa la kawaida, na hujitangaza lenyewe: unapata zaidi ya kilomita 62,000, wakati hakuna miji miwili duniani inayoachana zaidi ya kilomita 20,015, nusu ya mzunguko. Nusu kipenyo huzidishwa na pembe iliyo katika radiani, ambayo hapa ni 0.1709. Excel nayo inafanya kazi kwa radiani tupu, hivyo fomula yangu ni hii, latitudo zikiwa safu B na longitudo safu C:

```
=6371*ACOS(MIN(1,SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2))))
```

Kosa la alama ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kati ya Kigoma na Dar, ukisahau alama zote mbili jibu halibadiliki, nawe unajiona umepatia. Jaribu Kairo, 30.04 kaskazini na 31.24 mashariki. Kwa alama sahihi unapata kilomita 3,887. Ukiisahau ile ya Kigoma unapata 2,803, namba inayoaminika kabisa, ilhali umeihamishia Kigoma upande wa pili wa ikweta.

Kanuni yenyewe ina udhaifu mmoja: miji ikikaribiana, kosaini inasogea mno kwenye 1. Kutoka Kigoma hadi Ujiji, 4°55′ kusini na 29°40′ mashariki, kosaini ni 0.9999997. Kitabu cha majedwali ya tarakimu nne kitaisoma 1.0000, na umbali utakuwa sifuri! Kwa majedwali hayo, chochote kilicho chini ya kilomita 64 hivi kinamezwa. Kikokotoo chenye tarakimu kumi kinastahimili zaidi, lakini ukiweka sehemu ileile mara mbili, ukadiriaji wa tarakimu unaweza kuipandisha jumla juu ya 1 kidogo, na ACOS ikakataa. Ndiyo maana nimeweka MIN(1, …) kwenye fomula.

Kwa umbali wa Ujiji naiacha kanuni hii na kuichukulia ardhi kama tambarare. Dakika 2 za latitudo ni kilomita 3.71. Dakika 2 za longitudo, ukizidisha na kosaini ya latitudo, ni 3.69. Kwa Pithagorasi unapata kilomita 5.2, na jibu hilo hata majedwali ya tarakimu nne yanalitoa bila shida.