Daftari la fundi simu: kugeuza vifupisho kuwa maelezo kwa SWITCH

Kwa waliokosa mwanzo wa mradi huu: mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza simu, na mimi namhamishia daftari lake kutoka kwenye kaunta buku kwenda Google Sheets. Safu A ni namba ya risiti, B ni aina ya simu, C ni hali ya kazi, D ni bei. Safu ya hali ndiyo iliyonikalisha wiki hii.

Mjomba haandiki sentensi. Anaandika herufi mbili tu: PK ikiwa simu imepokelewa, KG inakaguliwa, SP inasubiri spea, TY tayari, CH imechukuliwa, HT haitengenezeki. Kwake yeye zinatosha kabisa. Tabu ni kwa shangazi, ambaye ndiye anayepokea simu za wateja fundi akiwa na hotigani mkononi. Mteja anauliza "simu yangu imefikia wapi?" na shangazi anaangalia "SP" asijue aseme nini. Kumwambia mjomba aandike maneno marefu nisingethubutu, kwa hiyo herufi zikabaki C, na safu E ikawa ya maelezo ya shangazi.

Kwa nini SWITCH

Njia niliyoizoea ni IF ndani ya IF ndani ya IF. Kwa hali sita unaishia na mabano sita ya kufunga, na C2 umeiandika mara sita. SWITCH inataja kitu cha kulinganisha mara moja tu mwanzoni, halafu zinafuata jozi: kifupisho na maelezo yake, kifupisho na maelezo yake. Mwishoni kabisa unaweka kitu kimoja kisicho na mwenzake, na hicho ndicho jibu la akiba, litakalotoka iwapo kilichoandikwa hakikulingana na chochote. E2 sasa iko hivi:

```
=SWITCH(UPPER(TRIM(C2)),
  "", "",
  "PK", "Imepokelewa, bado kukaguliwa",
  "KG", "Inakaguliwa",
  "SP", "Inasubiri spea",
  "TY", "Tayari, mteja aje",
  "CH", "Imechukuliwa",
  "HT", "Haitengenezeki, irudishwe",
  "Haimo kwenye orodha: " & C2)
```

TRIM ipo kwa sababu ya kibodi ya simu. Mjomba akikubali neno ambalo kibodi imempendekezea, mara nyingi nafasi tupu inajiongeza nyuma yake, na SWITCH inataka ulingano kamili: "TY" na "TY " kwake ni vitu viwili. Kwa macho huoni tofauti. Ukiwa na shaka na seli, andika `=LEN(C14)` pembeni; ikikupa 3 wakati unaona herufi mbili, mchawi ni huyo. UPPER nayo inamaliza habari ya "ty" na "Ty".

Jozi ya kwanza, `"", ""`, ni ya mistari mitupu. Fomula nimeiburuta hadi mstari wa 500, na bila jozi hiyo kila mstari ambao haujaandikwa ungeangukia kwenye jibu la akiba. Shangazi angefungua shiti akute "Haimo kwenye orodha" imejaa hadi chini.

Jibu la akiba liseme nini

Hapa tulibishana kidogo. Mjomba alitaka kifupisho chochote kisichojulikana kisomeke "Inakaguliwa", kwa hoja kwamba simu nyingi zilizopo kibandani ziko katika hali hiyo. Nikamwambia, mjomba, dogo wako wa kibandani akikosea TY akaandika TU, shangazi atamwambia mteja simu bado inakaguliwa, na mteja atakaa nyumbani wakati simu yake imeshamaliza kutengenezwa. Wala hakuna atakayegundua, maana jibu linaonekana la kawaida. Akacheka, akasema fanya unavyoona.

Kuliacha jibu la akiba wazi pia kunawezekana, na hapo SWITCH inarudisha `#N/A`. Hiyo angalau haidanganyi, ila shangazi angedhani shiti imeharibika. Ndiyo maana nimeweka maneno ya kawaida na nikaunganisha C2 yenyewe kwa alama ya `&`, ili aone hapohapo kilichoandikwa: "Haimo kwenye orodha: TU". Mara nyingi anakisia mwenyewe kilichokusudiwa, au anampigia kelele dogo arekebishe.

Faida nyingine ni kwamba maneno hayo yanahesabika. Juu ya shiti nimeweka:

```
=COUNTIF(E2:E500, "Haimo*")
```

Ikionyesha sifuri, hakuna kifupisho kigeni. Jioni ya siku ya kwanza ilionyesha 4, na zote nne zilikuwa SB.

"Mjomba, SB ndiyo nini?"

"Ah, hiyo dogo kaianzisha mwenyewe. Subiri bei. Mteja ameambiwa gharama, hajajibu."

Hali ya kweli kabisa hiyo, na kwenye kaunta buku haikuwahi kuwepo. Simu za namna hiyo zilikuwa zinaandikwa SP pamoja na zinazosubiri spea. Ndiyo maana wateja wengine waliambiwa spea haijafika ilhali ni wao waliokuwa wanasubiriwa. SB nimeiongeza: `"SB", "Mteja hajakubali bei"`. Kama jibu la akiba lingekuwa "Inakaguliwa", zile nne zingejificha humo.

Jozi ikipoteza mwenzake

Nilijaribu makusudi kufuta maelezo ya KG kwenye nakala ya shiti nione kitakachotokea. Google Sheets haikulalamika hata kidogo. SWITCH inahesabu jozi kwa mpangilio tu, kwa hiyo "KG" ikapewa "SP" kama maelezo yake, kisha "Inasubiri spea" ikawa kifupisho chenye maelezo "TY", na kuendelea hivyo hadi chini, kama shati lililofungwa vifungo kwa kuruka tundu moja. Jibu la akiba likamezwa na jozi ya mwisho. Matokeo yake: PK inasoma sawa, KG inaonyesha "SP", na SP, TY, CH na HT zote zinatoa `#N/A`.

Ukiona `#N/A` kwenye SWITCH ambayo una hakika uliiwekea jibu la akiba, na C yenyewe haina kosa, hesabu jozi. Hii pia ndiyo sababu naandika kila jozi kwenye mstari wake. Kibodini ni Ctrl na Enter ndani ya fomula.

Mpaka wake

Nilipoongeza SB ilinibidi nirekebishe E2 kisha niburute upya hadi mwisho. Ukiishia mstari wa 300, iliyobaki inaendelea na orodha ya zamani. Kwa vifupisho saba ninavumilia. Vikifika kumi na tano nitavihamishia kwenye shiti ya pembeni niliyoipa jina Misimbo, kifupisho safu A na maelezo safu B, halafu:

```
=IFNA(IF(TRIM(C2)="", "", VLOOKUP(UPPER(TRIM(C2)), Misimbo!A:B, 2, FALSE)),
  "Haimo kwenye orodha: " & C2)
```

Hapo mjomba ataongeza kifupisho mwenyewe bila kugusa fomula, na IFNA inafanya kazi ya jibu la akiba. Huenda nikalazimika kuhama mapema zaidi, kwa sababu kompyuta ya binamu tunayotumia kuchapa ripoti ina Excel 2016 ya kununuliwa mara moja, na hiyo SWITCH haiifahamu. Inaonyesha `#NAME?` fomula ikikokotolewa upya. VLOOKUP na IFNA zote zimo humo.

Kinachofuata ni safu ya tarehe ya kila hali kubadilika, ili simu iliyokaa SB zaidi ya wiki ijitokeze yenyewe.