Klishe ilitoka kwenye karakana ya chapa

Sisi tuliosomea shule za Bukavu tulijifunza Kifaransa muda mrefu kabla ya Kiingereza, na tunapohamia Ottawa tunagundua jambo la kuchekesha kidogo: wenzetu wa kazini wanaozungumza Kiingereza hutumia maneno ya Kifaransa kila siku bila kujali yana maana gani yenyewe. Kwao “faux pas”, “cliché” na “déjà vu” ni maneno ya kuazima yaliyokwisha kuwa mali yao. Kwetu yangali na mguu, chuma na jicho ndani yake.

Lenye historia nzito kuliko yote ni “cliché”. Mzungumzaji wa Kiingereza akiliambia andiko lako neno hilo, amekutukana: anamaanisha kwamba umeandika maneno yaliyochakaa kwa kurudiwarudiwa. Lakini mtaalamu wa eksirei anayezungumza Kifaransa akisema kwamba “cliché” ya mapafu yako ni nzuri, hana neno baya na wewe. Anasema tu kwamba picha imetoka vizuri, kwa sababu katika Kifaransa neno hilo bado hutumika kwa picha, na hasa kwa ile filamu ya kamera ambayo kutokana nayo nakala nyingi husafishwa.

Asili yake ni karakana za wapiga chapa wa Ufaransa. Zamani ukurasa wa kitabu ulipangwa kwa herufi za madini, moja moja, kwa mkono. Herufi hizo zilikuwa ghali, na mpiga chapa hakuweza kuziacha zimefungwa katika ukurasa mmoja kwa miaka akingoja kitabu kihitajike tena. Alilazimika kuzitawanya ili apange kitabu kingine, na toleo jipya lilipotakiwa kazi yote ilianza upya, pamoja na makosa mapya. Suluhisho lilikuwa kutengeneza kalibu ya ukurasa uliokwisha kupangwa na kusahihishwa, kisha kupata kutoka kwayo bamba moja zima la risasi iliyochanganywa na madini mengine ya kuipa ugumu. Njia mojawapo ilikuwa kuigonga kalibu kwa nguvu juu ya madini yaliyoyeyushwa, wakati yanapokaribia kuganda. Kitendo hicho kiliitwa “clicher”, na inaelezwa kwamba jina liliiga mlio wa pigo lile. “Cliché”, basi, maana yake ni kilichogongwa namna hiyo, yaani bamba lenyewe.

Faida ya bamba ndiyo iliyokuwa kasoro yake pia. Liliweza kuhifadhiwa na kutumiwa tena na tena, lakini herufi zake hazikuweza kupangwa upya kwa urahisi, kwa kuwa sentensi nzima ilikuwa kipande kimoja. Hapo ndipo matusi ya leo yalipozaliwa. Hata neno “stéréotype”, ambalo Firmin Didot wa Paris alilitunga mwishoni mwa karne ya 18 kutokana na Kigiriki chenye maana ya kitu kigumu, lilikuwa jina la ufundi huohuo kabla ya kuhamia kwenye fikra zetu kuhusu watu wa makabila mengine.

“Déjà vu”, yaani kilichokwisha kuonekana, lilisambaa kutokana na mwanafalsafa Émile Boirac, ambaye mwaka 1876 aliandikia jarida la falsafa la Ufaransa kuhusu hisia ya kuona kitu kwa mara ya kwanza na bado kukiona kama ulikwisha kukiona. Kiingereza kimelegeza maana hiyo hadi kulitumia neno kwa jambo lolote linalojirudia kweli. Nami siwezi kuwalaumu sana, kwa sababu Mfaransa akisema filamu fulani ni “du déjà-vu”, anamaanisha kwamba haina jipya, na hapo amekaribia sana klishe ya Waingereza.

“Faux pas” ni hatua isiyo sahihi, kujikwaa kwa mguu. Kifaransa kinaruhusu maana zote mbili, ya njiani na ya kosa, ilhali Kiingereza kimebakiza aibu ya mbele za watu peke yake. Waswahili waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi wangelielewa mara moja.

Neno ambalo mgeni wa Ottawa anapaswa kuliangalia zaidi ni “entrée”, yaani kuingia. Katika menyu ya Kiingereza ya hapa ni chakula kikuu. Ukivuka daraja la mto hadi Gatineau, upande wa Quebec, menyu ya Kifaransa inaliandika neno lilelile kwa chakula cha kutangulia, kama supu au saladi. Mwenye njaa atafute “plat principal”.