Nilivyoiandika upya barua ya kuwaambia wanachama kuwa taarifa zao zimevuja

Rasimu niliyokabidhiwa ilianza hivi: "Chama kinapenda kuwataarifu kuwa kumejitokeza tukio la kiusalama katika mifumo yake ambalo huenda likawa limeathiri baadhi ya taarifa." Mkulima wa korosho kule Tandahimba akiisoma hajui kama akimbilie benki au aendelee na palizi yake.

Mimi ni karani katika ushirika wa akiba na mikopo hapa Mtwara. Kabla ya kugusa rasimu, nilikaa na kijana wetu wa kompyuta anieleze kilichotokea. Mtu aliipata nywila ya barua pepe ya mhasibu, akaingia. Humo kulikuwa na orodha ya malipo ya msimu: majina, namba za simu, namba za NIDA na namba za akaunti za benki. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kuwa aliingia, ila hazikuonyesha kama aliipakua orodha.

Meneja alitaka tuandike "hakuna ushahidi kuwa taarifa zimechukuliwa". Nilikataa, maana msomaji angeelewa hazikuchukuliwa. Tukaandika: "Hatuwezi kujua kama aliinakili orodha. Jilinde kama vile anayo."

Rasimu ya pili nilimpa mama mmoja mwanachama aliyekuja dirishani, nikamwomba anisimulie alichoelewa. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hela yangu imeibwa?" Jibu lilikuwemo, lakini chini kabisa. Benki ilikuwa imeshatuthibitishia salio, basi nikalipandisha hadi sentensi ya pili: "Fedha zako hazijaguswa. Namba yako ya siri haikuwemo, kwa sababu hatuitunzi."

Sehemu ya nini cha kufanya ilisema tu "kuwa makini". Hatari yenyewe ni tapeli atakayekupigia akikuita majina yako matatu, akataja malipo yako ya korosho, halafu akaomba namba ya siri. Nikaandika:

"Hatutakupigia kuomba namba ya siri. Akikupigia mtu akaiomba, kata simu, kisha piga namba iliyoandikwa kwenye kitabu chako cha akiba. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao huo wakaifute. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040."

Kiungo cha kubofya hatukuweka, wala namba mpya ya simu. Tapeli anaweza kuiga barua yetu akabadilisha hivyo viwili tu, lakini kitabu cha akiba kiko nyumbani kwa mwanachama.

Barua ilienea ukurasa mmoja. Tuliibandika kwenye maghala ya vyama vya msingi, na makatibu wakaisoma kwa sauti mikutanoni kwa ajili ya wazee. Maelezo ya kiufundi yaliyobaki tuliyapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo sheria ya mwaka 2022 inatutaka tuiarifu.